Wapimwe wangapi ili uhusiano ukadirike sawasawa?

Mwaka 1908, William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha makala kwa jina la bandia la Student. Alitumia vipimo vya wahalifu 3000 wa Uingereza vilivyokuwa vimechapishwa na W. R. Macdonell: kwa kila mtu, kimo chake na urefu wa kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto. Vipimo viliandikwa kwenye vipande vya kadi, vikachanganywa, kisha vikachomolewa kwa kubahatisha. Kwa wahalifu wote pamoja, uhusiano wa kimo na kidole ulikuwa 0.66. Gosset alitaka kujua mtu anayechomoa wachache tu, kwa mfano wanne, atapata namba gani.

Namba hiyo ndiyo wanatakwimu wanayoiandika r. Haivuki 1 wala haishuki chini ya −1. Ikiwa 0, vipimo viwili haviendi pamoja kwa mstari ulionyooka. Ikikaribia 1, anayekizidi mwenzake kipimo kimoja karibu kila mara humzidi na cha pili. Wengi huishia hapo: wanapima watu, wanabonyeza kompyuta, r inatoka, wanaiandika kwenye ripoti. Swali la watu wangapi wanatosha huulizwa baadaye, wakati fedha za utafiti zimekwisha.

Ugumu wa kulijibu mapema umo kwenye umbo la r yenyewe. Sampuli nyingi zikichotwa mahali ambapo uhusiano wa kweli ni 0.66, r zake hazitawanyiki sawa kwa pande mbili. Ni kama mti ulioota kando ya ukuta: kulia matawi yanagonga 1 na kubanwa, kushoto yananyooka yapendavyo. Tena mtawanyiko wenyewe hubadilika kufuatana na uhusiano wa kweli. Penye uhusiano hafifu r huyumba sana, penye uhusiano mkali hutulia. Kwa hiyo ile desturi ya kuchukua kadirio, kisha kujumlisha na kutoa kiasi kilekile cha kosa, hapa inapotosha.

Dawa aliitoa Ronald Fisher. Mwaka 1915 alionyesha kihesabu jinsi r za sampuli zinavyotawanyika, na katika makala ya 1921 akaeleza namna ya kuihamisha r kwenye mizani nyingine aliyoiita z:

z = ½ ln[(1 + r) / (1 − r)]

Alama ln ni ile logi inayopatikana kwenye kikokotoo chochote cha sayansi. Kwenye mizani hii ukuta haupo: r inapoikaribia 1, z inaendelea kupanda bila kikomo. Mtawanyiko unakuwa karibu sawa pande zote mbili, na kosa sanifu lake linakuwa 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha (n − 3), ambapo n ni idadi ya watu waliopimwa. Uhusiano wenyewe umetoweka kwenye kanuni hiyo, imebaki n peke yake. Hapo ndipo hesabu ya kupanga sampuli inapowezekana.

Turudi kwa wale wahalifu. Kwa r ya 0.66, z ni 0.793. Akichomoa wanne, n − 3 ni 1, hivyo kosa sanifu ni 1 kamili. Kwa uhakika wa asilimia 95 anazidisha kwa 1.96, anajumlisha na kutoa, kisha anarudisha mipaka miwili kwenye mizani ya r. Anapata −0.82 hadi 0.99. Kwa maneno mengine, hajajua lolote. Hata mwelekeo wa uhusiano hana hakika nao. Wakiwa 30 mipaka inakuwa 0.39 na 0.82, na hapa ule upogo unaonekana waziwazi: kutoka 0.66 kwenda chini ni 0.27, kwenda juu ni 0.16 tu.

Sasa tuseme mtafiti anataka umbali kati ya mpaka wa chini na wa juu usizidi 0.2. Douglas Bonett na Thomas Wright walitoa mwaka 2000 njia nyepesi ya kuanzia, ambapo w ni upana unaotakiwa:

n = 4(1 − r²)²(1.96 / w)² + 3

Akiweka 0.66 na 0.2 anapata 125.4, yaani watu 126. Hiyo ni hatua ya kwanza tu, kwa sababu kanuni yenyewe ni ya kukadiria. Inabidi namba iliyotoka irudishwe kwenye z na upana halisi upimwe. Kwenye Excel mpaka wa chini hupatikana hivi, na wa juu kwa kugeuza alama ya kutoa inayotangulia 1.96 kuwa ya kujumlisha:

```
=FISHERINV(FISHER(0.66)-1.96/SQRT(126-3))
```

Upana unatoka 0.2001, umezidi kwa uchache sana. Akiongeza mtu mmoja, wakawa 127, unashuka hadi 0.199, na mipaka ni 0.55 na 0.75. Akitaka upana wa 0.1, hesabu inafika watu 494. Kupunguza upana kwa nusu kunadai watu karibu mara nne, na hapo ndipo bajeti nyingi hukatikia.

Msomaji makini atauliza: huyu mtafiti ameijuaje 0.66 kabla ya kupima? Hakuijua, ameikisia, na hiki ndicho kiungo dhaifu cha mpango mzima. Kama uhusiano wa kweli ni 0.3, upana uleule wa 0.2 unahitaji watu 320. Kama ni 0, wanahitajika 385, na hawazidi hapo hata mambo yawe mabaya kiasi gani. Asiye na fununu yoyote apange kwa 385. Mwenye jaribio dogo la watu 30 asiishike r yake kama msumari, maana tumeona jinsi inavyoweza kucheza; ni salama zaidi kupangia mpaka wake ulio karibu na sifuri. Aliyepanga kwa 0.66, akapima watu 127, kisha akakuta r ni 0.5, atajikuta na upana wa 0.26 badala ya 0.2.

Kuna pia masharti ambayo kanuni haiyatangazi. Kosa sanifu la Fisher linachukulia kwamba vipimo viwili vimetawanyika kwa umbo la kengele, na kwamba kila jozi inatoka kwa mtu wake. Kupima watu 40 mara tatu hakuleti jozi 120, ingawa kompyuta itazihesabu hivyo bila kunung'unika. Dalili ya kwanza ya matatizo huonekana kwenye mchoro wa nukta: wingu lililopinda kama upinde, au nukta moja iliyojitenga mbali na kuivuta r nzima. Rula mbovu nayo huisogeza r kuelekea sifuri, na kuongeza watu hakuirekebishi. Mipaka itabana tu kuizunguka namba isiyo sahihi.

Na n ni idadi ya jozi zilizokamilika. Aliyepimwa kimo lakini kidole hakikupimwa haingii. Mtafiti anayetarajia kupoteza asilimia 10 ya watu wake atagawanya 127 kwa 0.9 na kuwaandikisha 142.