Mashapo ya Ini la Panya

Ini la panya likisagwa taratibu ndani ya maji ya sukari yaliyo baridi kama barafu, seli hupasuka lakini oganeli zake nyingi hubaki nzima. Mchanganyiko huo ukizungushwa kwa nguvu mara 1,000 ya mvutano wa dunia, kwa dakika 10, viini, ambavyo ni vikubwa, hushuka chini. Maji ya juu huhamishiwa neli nyingine: kwa mara 10,000 hushuka mitokondria, na kwa mara 100,000, kwa saa nzima, vipande vidogo vya utando.

Ila usiamini jina lililobandikwa kwenye neli. Kitu kidogo kilichokuwa karibu na kitako tangu mwanzo hufika pamoja na vikubwa vilivyotoka juu. Ndiyo maana hupimwa kimeng'enya cha kila oganeli. Tuseme mashapo yana asilimia 60 ya kimeng'enya cha mitokondria, na asilimia 20 ya protini yote: mitokondria zimekolea mara 3, lakini si safi.

Christian de Duve, huko Ubelgiji, alifuatilia kimeng'enya kilichoshuka karibu na mitokondria bila kulingana nazo kabisa. Mwaka 1955 yeye na wenzake wakaitangaza oganeli mpya: lisosomu.