Likizo ya Desemba: Mwachie Mtoto Ukuta Mmoja

Shule zikifungwa, watoto huanza kuomba chumba chao kibadilishwe. Hapo wazazi wengi huuliza, "Unataka kiweje?" kabla ya kusema kinachowezekana. Mtoto anataja nyeusi pande zote, mzazi anakataa, na ugomvi unaanzia hapo. Mipaka itangulie, na iwe michache.

Tuchukue binti wa miaka 13 anayelala chumba kimoja na mdogo wake katika nyumba ya kupanga. Wazazi wanampa shilingi 60,000 na ukuta mmoja, ule wa upande wa kitanda chake. Mwenye nyumba ameridhia, ila wakihama ukuta urudi kuwa mweupe. Upande wa mdogo hauguswi, na neti ya mbu inabaki palepale. Ndani ya hayo, uamuzi ni wa binti.

Anachagua bahari, tena ya bluu nzito. Baba hakatai, anampa futi ya kupimia. Ukuta una upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, yaani mita za mraba 8.1. Lita moja ya rangi ya maji hutosha takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili itataka karibu lita mbili. Kisha anamkumbusha sharti la mwenye nyumba: kuifunika bluu nzito kwa nyeupe huweza kudai mikono mitatu au zaidi. Binti akipiga hesabu, anaamua mwenyewe: ukutani bluu hafifu, na ile nzito aipate kwenye shuka na pazia.

Kabla ya kununua, apitishe kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, rangi mpya itabanduka. Ukuta usuguliwe kwa msasa, ufutwe vumbi, upakwe praima kwanza. Pakiwa na madoa ya unyevu chini, achague ukuta mwingine, maana hapo rangi haitadumu mpaka unyevu utibiwe.

Anunue kwanza kopo dogo, apake kipande kikubwa cha kadibodi, akiegemeze ukutani na kukitazama mchana, kisha usiku taa ikiwaka. Rangi iliyopendeza kwenye kikaratasi cha dukani mara nyingi huonekana nzito zaidi ikienea ukuta mzima.

Akitaka taa ndogo za mapambo, zikae mbali na neti na pazia, vitu vinavyoshika moto upesi, na zizimwe kabla ya kulala.

Kazi ikiisha, huenda bluu hiyo isikupendeze. Ikiwa imo ndani ya mlichokubaliana, iache hadi likizo ijayo. Ukiibadilisha kinyemela, safari nyingine hatasumbuka kupima ukuta wala kupiga hesabu, kwa kuwa ameshajua kwamba neno la mwisho lilikuwa lako tangu mwanzo.