Ilani ya Chapa: Ahadi Ambayo Kikundi cha Asali Kinaweza Kuithibitisha

Kikundi cha wanawake kinachouza asali kwa majirani hujulikana kwa sura na majina ya wanachama wake. Asali hiyo ikifikishwa madukani Tabora mjini au Dodoma, mnunuzi hawajui; anachokiona ni chupa tu. Hapo ndipo ilani ya chapa inapohitajika: maelezo mafupi, yasiyozidi ukurasa mmoja, yanayotaja kikundi kinamwahidi nini mnunuzi na kisichokubali kukifanya.

Makosa ya kawaida ni kuandika sifa. Sentensi kama "Asali yetu ni safi na bora kuliko zote" inaweza kubandikwa kwenye chupa ya mtu yeyote, na hakuna awezaye kuipima. Njia bora ni kuanza na kazi yenyewe. Wanachama huketi pamoja na kueleza wanavyovuna, wanavyochuja na wanavyohifadhi. Kisha kila hatua wanayoitekeleza bila kukosa hugeuzwa kuwa ahadi.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wilayani Sikonge kinachovuna kwenye misitu ya miombo. Badala ya neno "bora", kingeweza kuandika: "Tunavuna masega yaliyofunikwa kwa nta. Kila ndoo tunaipima unyevu, na iliyozidi asilimia 20 hatuijazi kwenye chupa." Ahadi hiyo ina sababu. Nyuki hulifunika sega asali ikishakomaa; asali iliyovunwa kabla ya hapo huwa na maji mengi na huweza kuchacha. Upimaji nao ni mwepesi: tone moja huwekwa kwenye kioo cha refraktometa ya asali, na kiwango husomwa papo hapo.

Sentensi ya pili ingehusu kuganda: "Asali yetu ikiganda haijaharibika. Iweke chupa ndani ya maji ya uvuguvugu." Wanunuzi wengi hudhani asali iliyoganda imetiwa sukari, na maelezo hayo huokoa chupa isirudishwe dukani.

Ilani hujaribiwa kikundi kinapokua. Oda ikizidi mavuno, wanachama hulazimika kununua asali kwa wafugaji wengine. Ndoo yenye povu, harufu ya uchachu au mfuniko uliovimba ikikubaliwa kwa sababu gari linasubiri, ahadi imevunjwa. Kwa hiyo ilani isomwe mahali pa kupokelea asali, na mpokeaji apewe mamlaka ya kukataa ndoo, hata ikiwa ya mwenyekiti.

Ilani haichukui nafasi ya alama ya ubora ya TBS, wala isidai kwamba asali hutibu magonjwa. Vikundi vinavyohitaji ushauri kuhusu uvunaji na upimaji vimwone Afisa Nyuki wa wilaya. Kwa masuala ya vifungashio na lebo, viwasiliane na SIDO.