Ritifaa Iliyopinda na Nafasi Zisizoonekana

Ritifaa ya neno ng'ombe ina sura mbili kwenye kompyuta. Moja imenyooka, ndiyo inayotoka kitufe chake kinapobonyezwa, na namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi, ni 39. Nyingine imepinda kama koma iliyopandishwa juu, na namba yake ni 8217. Programu ya Word huibadili ya kwanza kuwa ya pili papo hapo mtu anapochapa, kwa kuwa iliyopinda hupendeza zaidi kitabuni. Alama za kunukuu nazo hupindwa hivyo hivyo. Macho ya msomaji hayajali, lakini kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kama zilivyo a na b.

Hasara yake huonekana wazi kwenye meseji za simu. Tuseme tangazo la chanjo ya ng'ombe limeandikwa kwenye Word, likatimia herufi 150 pamoja na nafasi, kisha likabandikwa kwenye mfumo wa kutuma meseji kwa wafugaji 2,000. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160, kwa hiyo mwandishi ana hakika kwamba kila mfugaji atapata meseji moja. Ila orodha fupi ya herufi za meseji ina ritifaa iliyonyooka tu. Ikikutana na iliyopinda hata mara moja, meseji nzima huhamia kwenye mpangilio mwingine unaobeba herufi 70, au 67 kwa kila kipande inapogawanywa. Herufi 150 hapo huwa vipande vitatu, na mtumaji hulipia meseji 6,000 badala ya 2,000. Baadhi ya mifumo hunyoosha alama hizo yenyewe kabla ya kutuma. Si busara kuitegemea bila kuijaribu.

Nafasi isiyokatika, namba 160, ni msumbufu wa aina nyingine. Kazi yake halali ni kuzuia “Sh” na “500” zisitenganishwe mwishoni mwa mstari, na kwenye Word huwekwa kwa Ctrl+Shift+Space. Kurasa za mtandao nazo zimejaa nafasi hizo, hivyo huingia pamoja na maandishi yaliyonakiliwa. Ikijificha baada ya neno Mwanza kwenye jedwali la Excel, utafutaji wa VLOOKUP utadai kwamba Mwanza haumo, ilhali upo mbele ya macho. Kipimo chake ni LEN: Mwanza una herufi sita, na jibu likiwa saba, kuna mgeni. Kumjua ni nani, UNICODE(RIGHT(A2,1)) hutaja namba ya herufi ya mwisho. Anaweza pia kuwa namba 8203, nafasi isiyo na upana wowote, ambayo hata kishale kikiipita mtu haoni kitu.

Wengi hudhani dawa ni kupitisha maandishi kwenye Notepad au kubandika kwa Ctrl+Shift+V. Njia hizo huondoa wino mzito, rangi na ukubwa wa maandishi, yaani mapambo. Ritifaa iliyopinda na nafasi isiyokatika ni herufi kamili, nazo huvuka salama.

Kwenye Word, hatua ya kwanza ni kuzima upindaji wenyewe: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha kuondoa tiki penye "Straight quotes" with “smart quotes” chini ya AutoFormat As You Type. Ndipo hufunguliwa Ctrl+H, ikachapwa ritifaa iliyonyooka katika visanduku vyote viwili. Inashangaza kidogo, lakini utafutaji wa kawaida wa Word huzikamata zote mbili. Asiyezima kwanza atazibadilisha zote na kuzikuta zimepinda tena. Nafasi isiyokatika hutafutwa kwa ^s, na Ctrl+Shift+8 huionyesha kama kiduara kidogo kilichoinuka.

Kwenye Excel, TRIM peke yake haiigusi namba 160, na CLEAN hufuta namba 0 hadi 31 tu. Kanuni hii hushughulikia herufi zote tatu zilizotajwa:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,
UNICHAR(8217),"'"),UNICHAR(160)," "),UNICHAR(8203),""))
```

Matokeo hunakiliwa na kubandikwa kama thamani, ndipo safu ya zamani ifutwe.

Kuna wanaokata njia kwa kufuta kila herufi iliyo nje ya kibodi ya kawaida. Huo ni ukatili. Jina lenye é litapoteza herufi, na mstari wa Kiarabu utatoweka wote. Emoji ya familia nayo huunganishwa kwa herufi isiyoonekana, namba 8205. Ikiondolewa hiyo tu, familia husambaratika kuwa watu mmojammoja. Na maandishi yanayokwenda kwa mchapishaji wa vitabu yabaki na alama zake zilizopinda.