Dakika nane za kujifunza kumfundisha nesi

Mama wa Liuli au Lituhi anapompeleka zahanati mtoto mwenye kikohozi, nesi humfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, anapumua haraka, na hiyo ni dalili ya nimonia. Wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, kikomo ni 40.

Hesabu hiyo nesi alifundishwa na mtu. Akifundishwa vibaya, kosa hilo litafika hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako kupata rufaa kunaweza kuwa safari ndefu ya kupanda milima ya Mbinga. Ndiyo maana wauguzi wanaosomea ualimu hufanya kwanza somo fupi la mazoezi mbele ya wenzao.

Linavyofanyika

Njia hii ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963. Mwalimu mwanafunzi hufundisha jambo moja tu kwa dakika 5 hadi 10. Wenzake wachache hukaa kama wanafunzi, na mkufunzi hukaa nyuma na fomu. Baada ya hapo anapewa mrejesho, anarekebisha, kisha anafundisha tena somo lile lile, ikiwezekana kwa kundi jingine. Marudio hayo ndiyo kiini cha zoezi. Bila marudio, mtu ameambiwa kosa lake lakini hajajaribu kuliacha.

Mfano: kuhesabu pumzi

Tuchukue muuguzi aliyepewa dakika 8 kufundisha kuhesabu pumzi. Dakika 5 za mwanzo anaeleza nimonia ni nini, akisoma daftari huku ameelekea ubaoni. Kisha anawaonyesha video ya mtoto wa miezi 8, anahesabu mwenyewe kimya na kutaja jibu: 52. Anauliza, "Tuko pamoja?" Wote wanajibu, "Tuko pamoja!" Muda umekwisha.

Mkufunzi anairudisha video na kuwaomba wawili wahesabu. Wa kwanza amehesabu sekunde 15, akapata 12, akazidisha kwa 4: 48. Watoto hawapumui kwa mwendo sawa, kwa hiyo hesabu ya sekunde chache hupotosha. Kwa jibu hilo, mtoto yuko chini ya 50 na angeweza kurudishwa nyumbani bila dawa. Wa pili amepata 104, kwa kuwa amehesabu kifua kinapoinuka na tena kinaposhuka. Kuinuka na kushuka ni pumzi moja.

Hakuna kati yao aliyekuwa pamoja na mwalimu.

Fomu ya mrejesho

Fomu nzuri haina nafasi ya kuandika "amejitahidi". Inataka kilichoonekana na kusikika:

1. Lengo: wanafunzi waweze kufanya nini mwishoni? *Kuhesabu pumzi. Halikutajwa.*
2. Muda: *maelezo dakika 5, kuonyesha dakika 2, wanafunzi kufanya 0.*
3. Sauti na macho: *amewapa mgongo muda mwingi wa maelezo.*
4. Maswali: aliuliza nini, akasubiri kiasi gani? *"Tuko pamoja?" mara 1.*
5. Uthibitisho kwamba wameelewa: *hakuna.*
6. Jambo moja la kubadilisha: *kila mwanafunzi ahesabu mwenyewe.*

Mwalimu mwanafunzi husema kwanza alivyojiona, kisha wenzake, mkufunzi mwisho. Jambo la kubadilisha ni moja au mawili tu. Akipewa kumi, hatarekebisha hata moja.

Raundi ya pili

Sasa anaanza hivi: "Mwishoni kila mmoja atahesabu pumzi kwa dakika moja nzima." Anaonyesha kwa mkono pumzi moja ni ipi, anawasha video, na kila mtu anaandika namba yake kabla ya yeyote kusema. Majibu yakipishana, anauliza, "Wewe umehesabuje?" kisha ananyamaza walau sekunde 3. Walimu wengi husubiri sekunde moja tu, kisha hujijibu wenyewe. Ukimya huo mfupi ndio unaofichua aliyehesabu mara mbili.

Maelezo ya nimonia yamebaki dakika 1, na hakuna aliyepungukiwa.

Zoezi hili haliwezi yote

Wenzake ni wauguzi tayari, kwa hiyo huelewa hata alipoeleza vibaya, na huona haya kumsema mwenzao. Darasa halisi lina wanafunzi wengi zaidi, na wodini mtoto analia. Hesabu ya mtoto anayelia haiaminiki, hivyo lazima atulizwe kwanza. Hayo atajifunza kwenye mazoezi ya darasani na wodini. Lakini ataingia huko akijua kwamba "tuko pamoja" si jibu, na kwamba namba iliyoandikwa na kila mwanafunzi ndiyo inayomwonyesha kama amefundisha.