Betri ya mtumba: soma tarehe kabla ya bei

Joto la huku Maskati huimaliza betri mapema. Mwezi uliopita, gereji moja ya Wadi Kabir ilimtolea kijana wangu betri ya mtumba ya kampuni yenye jina, imefutwa mpaka inang'aa, kwa riali 8. Nikamwambia, "Mwanangu, subiri kwanza."

Kwenye plastiki palichapwa C1. Kwa kampuni ile herufi ni mwezi, A ikiwa Januari, na tarakimu ni mwaka: Machi 2021. Kibandiko cha dhamana kilikuwa kipya, lakini kibandiko mtu hubandika tu. Chapa ya plastiki haibanduki.

Ubavuni imeandikwa 60Ah na 540A. Ya kwanza ni akiba ya umeme, ya pili nguvu ya kuwasha injini. Mita ikaonyesha volti 12.6, muuzaji akatabasamu. Kumbe volti hizo zinasema imechajiwa tu, hazisemi ni nzima. Mashine ya kupimia betri ikasoma 290A. Tukaiacha.

Basi mimi nachagua kampuni inayochapa tarehe ya kusomeka, yenye wakala mjini wa kukueleza herufi zake na kutimiza dhamana.