Goti Linalogoma Mteremkoni

Mkimbiaji anaondoka nyumbani mzima kabisa. Kilomita za mwanzo goti halina neno, kisha ubavu wake wa nje unaanza kuchoma, na maumivu yanazidi mpaka anaacha kukimbia na kutembea. Akipumzika, yanatulia. Akirudi barabarani kesho yake, yanamkamata karibu umbali uleule. Mteremko ndio humtesa zaidi, na cha ajabu, mbio za kasi huweza kumuuma kidogo kuliko za polepole.

Chanzo ni ukanda mnene wa nyuzi ngumu unaoshuka kutoka nyonga, ubavuni mwa paja, hadi chini kidogo ya goti. Goti likikunjwa kiasi cha nyuzi 30, ukanda huo hukandamiza kinundu cha mfupa wa paja. Pembe hiyo hutokea mguu unapotua, na anayekimbia polepole au kuteremka hukaa nayo kwa muda mrefu zaidi.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ukanda husuguana na mfupa, kama kamba kwenye ukingo wa kisima. Mwaka 2006 wachunguzi wa maumbile ya mwili walionyesha kwamba umeshikamana na mfupa wa paja, hivyo hauwezi kuteleza huku na huko. Kinachobanwa ni mafuta yaliyo chini yake, yenye mishipa mingi ya fahamu. Ndiyo maana kuuvuta ukanda huo kwa matumaini ya kuurefusha hakuna faida kubwa.

Nyonga inaingiaje? Kila mkimbiaji anaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavu wa nyonga huzuia kiuno kisizame upande wa pili. Ikilegea, paja huegemea ndani na ukanda hukazika.

Mwaka 2000, Michael Fredericson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima wakimbiaji 24 wa masafa marefu wenye tatizo hili. Mguu uliouma ulikuwa na nyonga dhaifu kuliko ule mzima. Walipewa wiki 6 za mazoezi, likiwamo la kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka, na la kusimama kwa mguu mmoja kwenye ngazi, kushusha kiuno upande wa pili na kukipandisha tena. Mwishoni, 22 kati yao walikimbia bila maumivu.

Matokeo hayo yapokelewe kwa tahadhari: hapakuwa na kundi la wagonjwa wasiofanya mazoezi hayo la kulinganisha nao, na wakimbiaji hao pia walipumzika. Tafiti za baadaye hazikubaliani kama udhaifu wa nyonga ndio chanzo au ni matokeo ya maumivu.

Anayeanza tena akimbie siku moja, apumzike inayofuata, kwenye tambarare, na aache milima kwa wiki za mwanzo. Goti likivimba au kukwama lisinyooke, hilo ni tatizo jingine; amwone daktari.